Kusalimia Kulia, Kusalimia Kushoto

Sikio langu la kushoto linasikia mbu anayepita nje ya chandarua, lakini haliwezi tena kunieleza kama nimesimama wima. Daktari wa masikio aliniambia hivyo waziwazi: upande wa kusikia ni mzima, upande wa mizani umekufa, na hautafufuka. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walikuwa wameligundua jambo hilo kabla yake, ingawa wao walilipa jina lingine.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana watu wengi wa mtaa wetu hapa Goma wameisimulia habari hii kuanzia mwisho.

Ilianza asubuhi moja kitandani. Nilifumbua macho na dari ikaanza kukimbia kuelekea upande mmoja, bila kufika popote na bila kusimama. Nilitapika mpaka tumbo likawa halina kitu. Mume wangu alishika kichwa changu akidhani ninakufa, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Siku zilizofuata nililala ubavu wa kulia tu, macho yamefungwa, kwa sababu hata kumtazama mtu aliyeingia chumbani kulirudisha mzunguko. Tulisema ni malaria. Kipimo kikasema si malaria. Mume wangu akanunua vidonge vya kizunguzungu dukani kwa mfamasia, nikavinywa, nikalala. Mzunguko ukapungua, nikaweza kukaa, kisha kusimama, na baada ya majuma machache nikaona aibu kuendelea kukaa nyumbani wakati darasa la sita lina mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Nikarudi shuleni. Mwalimu anafanya kitu kimoja mara nyingi kuliko vyote, na mimi sikuwahi kukifikiria: anaandika ubaoni, anageuka kuwatazama watoto, anageuka tena. Siku ile niliandika sehemu mbili za kujumlisha, nikageuka haraka kwa sababu mtu alikuwa anacheka nyuma. Darasa likageuka pamoja nami, ila halikusimama niliposimama mimi. Nilishika hewa. Nikaanguka ubavuni, chaki mkononi, kitenge kikapanda hadi magotini mbele ya watoto zaidi ya arobaini.

Kisha sauti ya mvulana wa dawati la nyuma, si ya ukatili, ya mshangao tu:

“Madamu amekunywa kasiksi.”

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Darasa zima likacheka, na nilipojaribu kuinuka nikayumba kweli kama mtu aliyeinywa. Jioni ile habari ilikuwa imefika nyumbani kwa kila mtoto.

Mkuu wa shule ni mtu mpole anayeogopa wazazi. Aliniita ofisini na kunionyesha kiti kabla sijasimama vizuri.

“Madamu, wazazi walikuja.”

“Sikunywa, Direkteri.”

“Sijasema ulikunywa. Nimesema wazazi walikuja.”

Alinieleza uamuzi wake akitazama dirishani. Darasa litashikwa na mwalimu kijana, mbadala. Mimi nitajitibu. Baada ya Pasaka nitafundisha somo moja mbele yake na mbele ya wajumbe wawili wa komite ya wazazi. Nikisimama ubaoni kama mwalimu, darasa ni langu. Nisiposimama, mbadala atabaki, na shule yetu haina kiti cha mwalimu asiye na darasa. Nilimshukuru. Nilipotoka niliupitia ukuta wa ofisi kwa bega, nikijifanya ninasoma matangazo.

Tangu siku ile nikawa na mwendo mpya. Nilikulia upande wa Bukavu, kwenye mlima, na kama wasichana wote wa kule nilibeba maji kichwani kabla sijajua kusoma. Mwili haukusahau: shingo inakaza, macho yanatazama mbele, kiuno kinafanya kazi yote. Niligundua kwamba nikitembea hivyo, kama nimebeba bidoni, dumu la maji la lita ishirini, dunia hainiyumbishi sana. Basi nikabeba bidoni isiyokuwepo. Nilienda nayo sokoni, kanisani, bombani kwa jirani. Mtu akiniita kutoka pembeni niligeuka mwili mzima, taratibu, kama mlango mzito, au sikugeuka kabisa.

Nilijiona nimepata dawa. Watu waliona kitu kingine. Mwanamke anayeuza samaki wa sambaza kwenye kona yetu alimwambia mwenzake, na sikio langu lisilo na mizani likasikia kila neno: “Yule tangu alewe mbele ya watoto, hasalimii tena watu. Kiburi ya nini?”

Sikuweza kugeuka kumjibu.

Daktari wa masikio alinikalisha mbele yake, akaniambia nitazame pua yake, kisha akakirusha kichwa changu kidogo, kwa ghafla, kulia. Macho yangu yalibaki puani. Akakirusha kushoto. Macho yakaenda na kichwa, kisha yakaruka kurudi kumtafuta. Akarudia, na kila mara upande wa kushoto macho yalichelewa. Akasema neva ya mizani ya upande ule ilishikwa na uvimbe, pengine kwa sababu ya virusi, na imeharibika. Nikauliza dawa. Akasema dawa ya kuirudisha hakuna. Kuna mazoezi. Akanituma kwa kine, ndivyo tunavyowaita wataalamu wa mazoezi ya mwili, kwenye jengo la nyuma la hospitali yake.

Kine alikuwa kijana wa Butembo, mwenye masihara na viatu vilivyong’aa kwa njia isiyowezekana katika mji wenye vumbi jeusi kama wetu. Chumba chake kilikuwa na kioo, godoro la sponji, ngazi fupi ya mbao na kiti kimoja. Alinisimamisha katikati, akaniambia nifumbe macho na kupiga hatua papo hapo, kama askari asiyekwenda popote.

Nilipiga hatua. Nilihisi niko mahali pangu kabisa.

“Fumbua.”

Nilikuwa nimeanza nikimtazama yeye. Sasa nilikuwa natazama dirisha la kushoto.

“Ona, mama,” akasema. “Ulikuwa unaniangalia mimi, sasa unaangalia dirisha. Nimekuchosha namna ile?”

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi. Nilikuwa nimegeuka nusu ya chumba na hakuna kitu mwilini mwangu kilichoniambia.

Alinieleza vizuri, na ninaandika kama nilivyoelewa. Masikio mawili hutuma habari kwenye ubongo wakati wote, hata ukikaa kimya, kama wabebaji wawili wa machela wanaoitana hatua kwa hatua. Mmoja akinyamaza ghafla, ubongo unaisikia sauti ya mmoja tu na kuamini kichwa kinageuka. Ndiyo maana ya dari kukimbia. Siku zikipita ubongo wenyewe unaanza kusawazisha, na mzunguko mkubwa unakwisha. Lakini kazi ya kuyashika macho wakati kichwa kinatembea, na kazi ya kusimama gizani au juu ya mawe, ubongo haujifunzi kitandani. Unajifunza kwa kuona kosa.

“Kosa gani?”

“Herufi kuyumba. Ikiyumba, ubongo unajua: aa, nimechelewa. Kesho utachelewa kidogo tu.”

Alibandika ukutani herufi moja kubwa, kwenye usawa wa macho yangu. Kazi ilikuwa kuitazama bila kuiacha huku nikigeuza kichwa kulia na kushoto, kwa kasi ile ambayo herufi bado inaonekana safi, kisha kasi zaidi kidogo. Halafu juu na chini. Muda mfupi, kisha pumzika, mara kadhaa kwa siku. Kizunguzungu kitapanda, alisema, na lazima kipande, ila baada ya dakika chache kinatakiwa kishuke. Kikikataa kushuka, nimezidisha. Kisipopanda kabisa, nimejidanganya.

Aliniuliza kama bado nakunywa vidonge. Nikasema ndiyo, asubuhi na jioni, mume wangu hasahau. Alinirudisha kwa daktari siku hiyo hiyo, na daktari akavisimamisha: vilikuwa vya siku za kwanza za kutapika, na sasa vilikuwa vinauchelewesha ubongo kujifunza. Nilipomweleza mume wangu aliumia. Alikuwa akivitafuta vidonge vile mpaka kwenye maduka ya Birere, na sasa aliambiwa kwamba wema wake ulikuwa unanirudisha nyuma. Aliviweka juu ya kabati, hakuvitupa.

Nilifanya mazoezi kwa utii wa mwalimu. Nilibandika herufi chumbani kwetu, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Baadaye nilisimama, kitanda nyuma ya magoti yangu kikinisubiri. Baadaye, kwa agizo la kine, nilitundika kitenge chenye maua makubwa nyuma ya herufi, kwa sababu macho yanachanganyikiwa zaidi penye rangi nyingi, na dunia ya nje ina rangi nyingi. Kitenge kile kilinitesa. Maua yaliogelea, koo likajaa mate. Lakini juma baada ya juma yakatulia. Nilisimama miguu imebanana, nikasimama kisigino kikigusa kidole, nikasimama juu ya mto nikifumba macho kwenye kona ya chumba, kuta mbili zikinilinda. Nilijua ninaendelea vizuri. Nilipokwenda hospitalini, herufi ya kine haikuyumba tena hata nikigeuza kichwa kwa haraka, naye akapiga makofi.

Kisha akafungua mlango wa nyuma. “Sasa tutembee uani. Unatembea, unageuza kichwa kulia, kushoto. Twende.”

Ua wa hospitali ile ni wa mawe ya volkano yaliyosawazishwa nusu, na siku zote umejaa ndugu za wagonjwa: wanawake wanaofua, masufuria juu ya moto, watu waliolala kwenye mikeka. Nilitoka. Macho yao yakaniinukia. Na shingo yangu, ambayo ndani ya chumba ilikuwa inageuka kama ya kuku, ikakaza.

Nilitembea mpaka kwenye bomba na kurudi, sikugeuza kichwa hata kidogo. Nilitembea vizuri sana. Kine alinisubiri mikono kiunoni.

“Mama, nani alikutwika ile bidoni?”

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari ya bidoni.

“Bibi zangu wote wanatembea vile,” akasema, sasa kwa sauti ya chini ili wanaofua wasisikie. “Ni mwendo muzuri. Lakini kichwa kikikaa, ubongo hauoni kosa. Umefundisha ubongo wako chumba cha kulala. Watoto unawafundishia chumbani?”

“Hapana.”

“Basi. Toka inje. Kwenye mawe, kwenye watu. Kila siku.”

Nilijaribu tena palepale, kwa sababu aliniomba. Kulia, kushoto, nikitembea juu ya mawe, nikimkatalia mtu asiyekuwepo. Mguu ulitafuta jiwe ukakosa, nikayumba. Mwanamke aliyekuwa anakamua shuka alisema kwa huruma ya kweli, “Masikini, ya huyu ni ya kichwa.” Nilirudi ndani, nikachukua mkoba wangu, nikaaga bila kumtazama kine usoni.

Sikutoka nje kufanya mazoezi. Nilijiambia nitatoka kesho, mvua ikinyesha nilishukuru. Pasaka ilikuwa inakaribia. Mlevi au mwenda wazimu: hayo ndiyo majina mawili niliyoona mbele yangu barabarani, na nilikuwa tayari nina moja.

Mama mkwe wangu anaishi Munigi, mwendo mfupi kutoka kwetu, na huja bila kubisha hodi. Siku moja nilisahau ufunguo wa chumba. Aliniona kupitia mlango ulio wazi nusu: mkamwana wake, mwalimu, amesimama mbele ya kitenge cha maua akitikisa kichwa kwa nguvu na kukazia macho karatasi.

“Unamukatalia nani?” akauliza.

Niliruka. Yeye akaingia, akatazama karatasi, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma yake.

“Ni dawa, mama.”

“Karatasi?”

“Kichwa. Kutikisa kichwa.”

Nilimkalisha kitandani nikamweleza yote: sikio, wabebaji wa machela, herufi, vidonge juu ya kabati, ua wa hospitali. Alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Nilipomaliza aliiachia ncha ile.

“Kwa hiyo haiko pombe.”

“Haiko pombe, mama.”

“Hata kidogo?”

“Mama!”

Alitazama mikono yake. “Mimi nilisema ni pombe. Nilisema mbele ya shirika. Niliomba wakuombee.”

Shirika ni kikundi chetu cha sala cha mtaa, familia za parokia zinazokutana nyumba kwa nyumba. Wote wanatujua. Nikaelewa kwa nini jioni moja waliimba wimbo wa mwana mpotevu wakinitazama kwa upole mwingi. Niliona uso unawaka moto. Nilitaka kukasirika, lakini yeye alikuwa amekaa pale mdogo kuliko nilivyomzoea, na aibu yake ikakaa karibu na yangu kwenye ukingo ule ule wa kitanda, hakuna aliyejua aanze vipi.

Yeye ndiye aliyeanza. “Yule daktari wako anataka ugeuze kichwa ukitembea.”

“Ndiyo. Watu watasema nina wazimu.”

“Mutu anageuza kichwa njiani kwa sababu gani? Anasalimia! Wewe umeacha kusalimia, ndiyo shida yako. Tutaenda kusalimia watu. Wa kuume, wa kushoto. Nani atasema mutu anayesalimia ni mwenda wazimu?”

Nilimwambia hao ndio watu waliosema nimelewa.

“Ndiyo. Na mimi ndiye niliwaambia. Vaa viatu.”

Viatu bapa, kine alikuwa ameagiza, vya kushika ardhi. Tulitoka asubuhi, jua limekwisha kupanda, saa ambayo barabara yetu imejaa. Yeye upande wangu wa kushoto, kiwiko chake karibu bila kunishika, kwa sababu nilimweleza kwamba nisishikwe.

“Kuume, fundi cherehani,” alinong’ona.

“Fundi, jambo!” Kichwa kulia. Barabara iliteleza kidogo, ikasimama.

“Kushoto, mama wa sambaza.”

Nilimgeukia mwanamke wa kona, yule wa kiburi. “Mama, umeamkaje?” Alibaki na mkono hewani juu ya beseni la samaki wadogo, inzi wakitumia nafasi hiyo. “Niko, madamu,” akasema hatimaye. “Na wewe uko?”

Kuume, vijana wanaouza vocha. Kushoto, mwanamke wa makaa. Kuume, mzee wa saa na redio. Chukudu tatu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilikuja zikishuka, zimejaa magunia ya viazi vya Kibumba, na sikujua kama niwatazame waendeshaji au njia. Niliwasalimia, na mawe ya lava chini ya mguu wangu yakainuka kama migongo ya ng’ombe. Nilisimama. Niliegemea ukuta wa mawe wa kiwanja fulani, nikifuata alivyoagiza kine: tulia, tazama kitu kimoja, ngoja kishuke.

Kijana mmoja juu ya moto, pikipiki ya abiria, alipita akicheka. “Madamu! Saa tatu tu na tayari?”

Mama mkwe wangu alisimama mbele yangu, akafunua kitenge chake cha juu kama anakunja upya, ili wapita njia wasinione. Kisha akamgeukia yule wa moto.

“Wewe, saa tatu na hujanawa uso! Kwenda uoge ndipo upige kelele!”

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Lakini nilijua watakwenda kusimulia kwamba niliegemea ukuta. Nilihisi wima wangu wote ni kitu cha kuazima.

Kizunguzungu kikashuka. Tukaendelea.

Tuliendelea hivyo karibu kila asubuhi. Siku nyingine hakuja kwa sababu ya magoti yake, nikaenda peke yangu, na ilikuwa vigumu zaidi, si kwa mguu bali kwa mdomo. Kusalimia mtu anayekufikiria vibaya ni kazi nzito kuliko kugeuza kichwa. Mbele ya karakana ya pikipiki anafanya kazi baba wa mwanafunzi wangu mmoja, mjumbe wa komite, na nilikuwa nimezoea kuvuka barabara kabla ya kufika kwake. Mama mkwe wangu alikataa tuvuke.

“Kushoto,” akasema. “Huyu ndiye wa maana.”

“Papa, jambo.”

Alifuta mafuta mikononi, polepole. “Madamu. Leo unatembea vizuri.”

Neno “leo” nililibeba mpaka nyumbani. Kesho yake nikapita tena, nikamsalimia tena, naye akaniangalia miguu kabla ya uso. Alifanya hivyo kila siku. Sikumlaumu, mwalimu naye kazi yake ni kuangalia.

Mwili ulibadilika bila kuniaga. Siku moja niligundua kuwa nimetoka sokoni na kikapu, nimezungumza na watu watatu njiani, na bidoni ile haikuwa kichwani. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikapata homa, malaria ya kweli safari hii, na nilipoamka chumba kilikuwa kinateleza tena kama mwanzo. Nililia. Kine alisema hutokea: mwili ukichoka au ukiugua, ubongo unasahau kwa muda ulichojifunza, kisha unakumbuka, ukirudishwa kazini. Nilirudi kwenye herufi, kwenye kitenge, kwenye barabara. Ilirudi haraka kuliko mara ya kwanza. Lakini somo la majaribio lilikuwa juma lile.

Mkuu wa shule alikaa dawati la nyuma, magoti yamepanda mpaka kifuani. Pembeni yake walikaa baba wa karakana na mama mmoja ambaye sikumjua vizuri. Mwalimu mbadala alisimama mlangoni, kijana mwenye adabu. Alinifutia ubao kabla sijafika. Watoto walinyamaza kwa namna ambayo watoto hunyamaza wakitazama mtu anayepanda mti mrefu.

Nilifundisha sehemu. Niliandika, nikageuka. Darasa lilisimama niliposimama. Niligeuka kumjibu msichana wa dirishani, nikageuka kumkaripia mvulana wa nyuma, yule yule wa kasiksi, nikageuka ubaoni. Sikufikiria kugeuka. Nilifikiria sehemu. Kwa robo saa hivi nilikuwa mwalimu tu, na nisingebadilisha robo saa ile na kitu kingine.

Kisha mvua ya Goma ikaja kama inavyokuja, bila kuuliza. Bati likapiga kelele, mtu akafunga madirisha ya mbao, na darasa likawa giza kama ndani ya gunia. Nilikuwa nimesimama tuli. Nikainua mguu kupiga hatua. Mtu mwenye sikio zima hajui anachofanyiwa na mwanga. Mimi, pale ambapo sikio halisemi, ninaegemea macho na nyayo, na macho yalikuwa yameondolewa. Niligusa ukuta. Vidole viwili tu, kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayefuta chaki. Sikuyumba. Nilimaliza sentensi. Mtu akafungua dirisha moja, mwanga ukarudi, nikauacha ukuta na kuandika zoezi.

Watoto walipotoka, mkuu wa shule alinipongeza. Mama yule akanipongeza. Baba wa karakana alitazama ukuta.

“Madamu, ulipona?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, si kwa hilo fupi. Ningeweza kusema ndiyo. Barabara nzima ingenishuhudia.

“Sikio halitapona,” nikasema. “Ubongo umejifunza kufanya kazi bila lile sikio. Unaendelea kujifunza.”

“Kwa hiyo ulipona ao hapana?”

Nilimtazama mkuu wa shule anisaidie. Alikuwa anatazama magoti yake. Nilitaka kueleza habari ya giza, ya mvua, kwamba mwalimu hafundishi gizani, kwamba kugusa ukuta ndivyo kine alivyonifundisha na si alama ya kitu chochote. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lingesikika kama la mtu anayejitetea kwa sababu amekunywa. Uso uliniwaka kama siku ile chini ya ubao. Nilisema, “Ninaweza kufundisha, papa,” na sauti ilitoka ndogo.

“Sijasema hapana,” akajibu. Hakusema ndiyo pia.

Walibaki ndani, mimi nikangoja kwenye baraza, mvua ikinirukia miguuni. Mbadala alikuja kusimama karibu yangu. Aliniambia nimefundisha vizuri, na niliona kwamba anasema kweli na kwamba kweli hiyo haimfurahishi. Naye ana nyumba ya kulisha. Mkuu wa shule akatoka, akasema komite itakaa, nitajulishwa.

Asubuhi nimeendelea kutoka. Mama mkwe wangu amewaambia watu wa shirika ukweli. Sijui amewaambia kwa maneno gani, maana tangu hapo baadhi yao huniuliza habari ya kichwa changu kwa sauti ya chini sana. Baba wa karakana ninamsalimia, naye ananiitikia, bado anaangalia miguu kwanza. Hajaniambia kama aliona vidole ukutani, nami sijathubutu kumuuliza. Juma jipya la masomo linaanza Jumatatu. Leo ni Jumamosi, na hakuna aliyekuja kuniambia ni nani atakayesimama mbele ya darasa la sita.